Kumrudisha Mtenda katika Sentensi: Somo la Kuandika Upya Tangazo la Ofisi

Katika mafunzo ya Kiswahili ya skuli za sekondari mna sehemu ihusuyo barua rasmi, taarifa na matangazo. Aghalabu mwalimu huifundisha sehemu hiyo kwa kuonyesha umbo tu: anwani ikae wapi, kichwa cha habari kiandikweje, na mwandishi atie saini mahali gani. Lugha ya ndani ya tangazo huachwa, kwa kudhaniwa kwamba mwanafunzi ataiokota mwenyewe. Naye huiokota kweli. Lakini anachokiokota ni lugha ile ile ya mbao za matangazo, ambamo mambo "hufanyika", hatua "huchukuliwa" na utekelezaji "huendelea", bila ya mtu hata mmoja kuonekana akifanya, akichukua au akitekeleza.

Makala haya yanaeleza somo la vipindi viwili, kila kimoja cha dakika 40, kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Madhumuni yake ni kumwezesha mwanafunzi kuitwaa sentensi iliyojaa nomino na kuigeuza kuwa sentensi inayoongozwa na kitenzi, ambayo msomaji wake atajua nani afanye nini, lini na wapi. Mifano tumeichukua katika maisha ya Nungwi, kijiji cha wavuvi na mafundi wa vyombo kilichoko katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Huko tangazo lisiloeleweka laweza kumkosesha mtu siku nzima ya bahari, au kumfanya alipe fedha asizodaiwa. Tangazo lenyewe tutakalolifanyia kazi si la ofisi yoyote. Limetungwa kwa ajili ya darasa, kwa kuufuata mtindo ambao kila mwalimu ameshauona.

Nomino inapoteza nini

Kabla ya kuingia darasani yampasa mwalimu awe na jibu la swali moja: kwa nini sentensi ya nomino ni nzito kuliko ya kitenzi? Wengi hujibu kwamba ni ndefu. Jibu hilo halitoshi. Ziko sentensi ndefu zinazoeleweka vyema, na ziko fupi za nomino ambazo hazishikiki. Sababu ya kweli imo katika umbile la kitenzi cha Kiswahili.

Tutwae neno *watavikagua*. Hili ni neno moja, lakini linabeba mambo manne. *Wa-* inatuambia kwamba kuna watu watakaofanya kazi. *-Ta-* inatuambia kwamba kazi haijafanywa bado. *-Vi-* inatuambia kwamba kuna vitu, tuseme vyombo, vitakavyofanyiwa. Na *-kagua* ndiyo kazi yenyewe. Sasa tutwae *ukaguzi*. Katika manne yale limebaki moja tu, yaani kazi. Watu wametoweka, wakati umetoweka, na vitu vimetoweka. Mwandishi akitaka kuvirudisha lazima avitie kimoja kimoja kwa maneno mengine: ukaguzi *wa vyombo*, *utakaofanywa*, *na maafisa*. Asipovitia, sentensi haimlazimishi. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kusimama peke yake bila ya kiambishi cha mtenda, ila kikiwa cha kuamrisha au kimetanguliwa na *hu-* ya mazoea. Nomino hukubali kusimama peke yake siku zote. Mwandishi wa kitenzi analazimika kuamua nani atafanya. Mwandishi wa nomino anaweza kuandika ukurasa mzima bila ya kuamua lolote.

Kati ya viwili hivyo limo jina la kitenzi lenye *ku-*, kama *kukagua*. Hili limepoteza mtenda na wakati, lakini bado linaweza kumshika mtendwa (*kuvikagua*) na kukanusha (*kutovikagua*). Kwa hiyo mwanafunzi anayeshindwa kutoka katika *ukaguzi* mpaka *watavikagua* kwa hatua moja, na apitie *kuvikagua* kwanza, kisha aulizwe: "Nani?" Ngazi hii ya hatua mbili huwafaa sana wanafunzi wazito.

Liko jambo la pili, nalo ndilo linaloleta hasara hasa. Nomino ikishaunganishwa na nyingine kwa *-a* ya uhusiano, haijulikani tena yule wa pili ni mtenda au ni mtendwa. *Ukaguzi wa maafisa* ni maafisa kukagua, au maafisa kukaguliwa? *Uchaguzi wa wajumbe* ni wajumbe kuchagua, au kuchaguliwa? Katika mazungumzo ya ana kwa ana jambo huwa bayana kwa sababu wasemaji wanajuana na wanajua linalozungumzwa. Karatasi iliyobandikwa ukutani haina wa kuulizwa.

Tangazo la darasa

Mwalimu aandike tangazo hili ubaoni, au aligawe likiwa limechapishwa:

*Inatangazwa kwa wahusika wote kwamba kutakuwa na utekelezaji wa zoezi la uhakiki wa vyombo vya uvuvi kwa ajili ya utoaji wa leseni. Uwasilishaji wa vyombo kwa ukaguzi ufanyike kabla ya tarehe 15. Malipo ya wavuvi yatafanyika baada ya ukamilishaji wa uhakiki. Kutotekelezwa kwa agizo hili kutasababisha uchukuliwaji wa hatua.*

Lisomwe mara moja kwa sauti, kisha wanafunzi wafunike karatasi zao, na mwalimu aulize: "Baba yako ni nahodha wa mashua ya mtu mwingine. Kesho afanye nini?" Asiwasaidie. Majibu yatapingana, na kupingana kwao ndiko kunakofungua somo. Mmoja atasema baba apeleke mashua. Mwingine atasema hapana, apeleke mwenye mashua. Wa tatu, na takriban katika kila darasa hutokea, atasema kwamba baba asubiri kulipwa, kwani tangazo limesema "malipo ya wavuvi yatafanyika". Wenzake watamcheka. Mwalimu asiwaruhusu kumcheka, kwa sababu mtoto huyo amesoma sawasawa. *Malipo ya wavuvi* ni fedha wanazolipa wavuvi, na pia ni fedha wanazolipwa wavuvi. Lugha inayakubali yote mawili, na hakuna neno hata moja katika tangazo lile linalokataza maana ya pili.

Hapo mwalimu awakumbushe wanafunzi mambo wanayoyajua kuliko yeye. Katika uvuvi wa pwani yetu mwenye chombo si lazima awe ndiye anayekwenda baharini. Chombo kina mwenyewe, kina nahodha na kina mabaharia, na pato hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu. Je, "wahusika" ni nani katika hao? Aliye baharia tu, asiyemiliki hata kasia, naye ni mhusika? Na iwapo nahodha amekwenda dago Pemba na mashua yenyewe, nani atakayeiwasilisha? Halafu mashua "huwasilishwa" vipi? Barua huwasilishwa ofisini. Mashua haichukuliki kwapani. Ama ipelekwe kwa tanga mpaka bandari nyingine, tuseme Mkokotoni, na hiyo ni kazi ya siku nzima, ama afisa ateremke dikoni aikute ilipo. Neno *uwasilishaji* limeyafunika yote mawili.

Kipindi cha kwanza: kuuliza

Makosa ya kawaida katika somo la namna hii ni kuwaambia wanafunzi waanze kuandika upya papo hapo. Wakifanya hivyo watabuni. Mmoja ataandika "Serikali itakagua", mwingine "Sheha atakagua", na sentensi zao zitakuwa nzuri kwa sarufi na za uongo kwa habari. Mwanafunzi hana haki ya kumtia mtenda ambaye mwandishi wa kwanza hakumtaja. Kazi yake kwanza ni kuligundua tundu, pili ni kumuuliza mwenye tangazo alizibe.

Kwa hiyo kipindi chote cha kwanza ni cha maswali. Wanafunzi wakae wawili wawili na wapige mstari chini ya kila nomino iliyozaliwa na kitenzi. Kuzitambua si vigumu mtu akishaonyeshwa sura zake. Nyingi huanza kwa *u-* na kuishia kwa *-aji*: utekelezaji, utoaji, uwasilishaji, ukamilishaji. Nyingine huishia kwa *-zi* au *-shi*, na hizo zimegeuza konsonanti ya kitenzi chake: kujenga na ujenzi, kulinda na ulinzi, kupika na upishi. Nyingine huanza kwa *ma-* na kuishia kwa *-o*: malipo, maelekezo, makubaliano. Kisha kila jozi itoe kitenzi kilichomo ndani ya nomino na kukiandika pembeni: *utoaji*, kutoa, *malipo*, kulipa, *uwasilishaji*, kuwasilisha.

Katika kazi hiyo watakutana na nomino zisizokuwa na kazi yoyote. *Utekelezaji wa zoezi la uhakiki*: katika maneno haya kuna kazi ngapi? Moja tu, kuhakiki. Kutekeleza zoezi la kuhakiki ni kuhakiki. *Utekelezaji* na *zoezi* ni maganda, na maganda hayaulizwi maswali, hutupwa. Mwalimu atoe na mifano mingine ya namna hii inayoandamana na kitenzi dhaifu: *kufanya ukaguzi* ni kukagua, *kutoa maelekezo* ni kuelekeza, *kufanya maamuzi* ni kuamua.

Baada ya maganda kutupwa hubaki vitenzi vya kweli, na katika tangazo letu ni vitano: kukagua (au kuhakiki, kwani mwandishi ameyatumia maneno mawili kwa jambo moja na msomaji akadhani ni mambo mawili), kutoa leseni, kuwasilisha, kulipa, na kuchukua hatua. Kwa kila kimoja wanafunzi waandike maswali wanayotaka yajibiwe. Nani atakagua? Atavikagua wapi? Nani alete chombo, mwenyewe au nahodha? Nani alipe, amlipe nani? Hatua gani, na atazichukua nani?

Sasa mwalimu avae nafasi ya karani aliyeandika tangazo, akae mezani, na darasa limpelekee maswali kwa maandishi. Sehemu hii aitayarishe mapema na kwa makini. Majibu mengine ayatoe bila ya kusita: "Afisa wa uvuvi atakuja Nungwi mwenyewe." "Anayelipa ni mwenye chombo. Baharia halipi kitu." Lakini jibu moja au mawili ayazuie kwa makusudi: "Hilo la hatua, kwa kweli, halijaamuliwa." Darasa zima litanyamaza. Wataona kwamba nomino haikuwa imeficha jibu. Hapakuwa na jibu. *Uchukuliwaji wa hatua* lilikuwa pazia lililotundikwa mbele ya chumba kitupu. Hili ndilo jambo kubwa la somo zima, na halifahamiki kwa kuelezwa, hufahamika mtu anapouliza "nani?" na karani akakosa la kusema.

Kipindi cha pili: kuandika

Wanafunzi waanze na majibu waliyoyapata, si na tangazo la zamani. Tangazo la zamani lifutwe kabisa ubaoni, kwani likibaki mbele yao watalibadilisha neno kwa neno na uzito wake utarudi. Kila mmoja aandike akiwa na orodha ya majibu tu. Baada ya dakika 15 kazi chache zisomwe kwa sauti na zisahihishwe na wote. Darasa lililofanya kipindi cha kwanza vizuri hufikia tangazo la mfano huu:

*Ndugu wenye vyombo vya uvuvi wa Nungwi,*

*Afisa wa uvuvi atafika dikoni tarehe 10, 11 na 12 mwezi huu, maji yakikupwa, kukagua vyombo. Kila mwenye chombo akiweke chombo chake dikoni katika moja ya siku hizo, na awepo yeye mwenyewe au amtume nahodha wake. Chombo kikionekana ni kizima, mwenyewe atalipa ada ya leseni kwa afisa hapo hapo, na afisa atampa stakabadhi na leseni. Mabaharia hawalipi kitu. Mwenye chombo kilichoko dago amwarifu Bwana Diko kabla ya tarehe 10, naye atampangia siku nyingine.*

Tangazo hili si fupi kuliko lile la kwanza. Ni refu zaidi. Mwalimu asilifiche jambo hilo, bali aliseme wazi, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba kuandika kwa uwazi ni kupunguza maneno. Kilichopungua si maneno, ni kubahatisha. Na mambo mawili yameingia ambayo hayakuwamo kabisa. La kwanza ni kupwa kwa maji. Lilipoandikwa *ukaguzi ufanyike* hakuna aliyefikiri juu ya bahari. Lilipoandikwa *afisa atafika dikoni kukagua*, mtoto mmoja wa mvuvi hukumbuka kwamba mashua ikielea ubavu wake wa chini hauonekani, na kwamba ni lazima ikae juu ya mchanga. Kitenzi chenye mtenda humleta mtu mahali penye kazi, na akishafika huona yaliyopo. La pili ni habari ya dago, ambayo ilitokana na swali "nani alete?"

Sentensi ya hatua haimo. Karani alisema haijaamuliwa. Kwa hiyo haikuandikwa. Baadhi ya walimu wataona kwamba tangazo lisilo na kitisho mwishoni halina nguvu. Mimi naona kwamba kitisho kisichokuwa na mtenda hakimtishi mtu yeyote baada ya kukisoma mara mbili, na hudhoofisha hata maagizo yaliyokitangulia.

Vitenzi vinavyokwepa

Katika kusahihisha, mwalimu atakutana na sentensi ambazo kwa nje zimeongoka lakini ndani ni zile zile. Inafaa azijue mapema.

Ya kwanza ni ya kutendwa: *Vyombo vitakaguliwa tarehe 10.* Kitenzi kipo, wakati upo, lakini mtenda hayupo. Vyombo ndivyo vilivyokalia kiti chake. Si kosa la sarufi, na mahali pengine ni sawasawa kabisa. Hapa, ambapo mtu anataka kujua amtafute nani, haitoshi.

Ya pili ni ya kutendeka: *Leseni zinapatikana*, *fomu zitatoleka*. Hii ni hatari zaidi ya kutendwa. *Vitakaguliwa* hukumbusha kwamba kuna mtu atakayekagua, na waweza kumrudisha kwa *na*: vitakaguliwa na afisa. Lakini *zinapatikana* humfanya msomaji ayaone mambo kama mvua au kupwa na kujaa, yanayotokea yenyewe. Ndiyo maana *upatikanaji* ni neno linalopendwa sana maofisini: upatikanaji wa maji, upatikanaji wa dawa. Ukisema maji hayapatikani hujamgusa mtu. Ukisema "hatujaleta maji", umejigusa.

Ya tatu ni kiambishi *i-* kisichomrejelea yeyote: *inatakiwa*, *inapendekezwa*, *imeonekana*, *inatangazwa*. Wanafunzi waulizwe: *i-* hii ni ya ngeli gani, ya kitu gani? Watatafuta nomino yake katika sentensi na hawataiona. Ya nne ni mtenda hewa: *wahusika*, *mamlaka zinazohusika*, *pande zote*. Mwanafunzi aliyeandika "Wahusika watakagua na wahusika watalipa" ameitimiza kanuni ya kutia mtenda na hakutueleza lolote.

Kwa hiyo kipimo si kuwako kwa kitenzi. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: tangazo lisomwe mara moja kwa mtu asiyelijua, bora mtu mzima wa nyumbani, kisha aulizwe afanye nini, lini, wapi, na kwa nani. Akijibu yote bila ya kulisoma tena, limefaulu. Akisema "nadhani", mwanafunzi apige mstari chini ya neno lililomfanya adhani. Mazoezi ya nyumbani ya namna hii yana faida nyingine katika kijiji kama Nungwi, ambako wazee huzungumza Kitumbatu. Mwanafunzi huona kwamba kilichomshinda mzee hakikuwa Kiswahili Sanifu. Mzee yule husikiliza taarifa ya habari ya redio na kuifahamu. Kilichomshinda ni sentensi isiyokuwa na watu.

Adabu na nomino

Wako walimu wanaolaumu tafsiri kwa ugonjwa huu, nao wana sehemu ya haki. Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alipoagiza mwaka 1967 kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali, maofisi ya Tanzania Bara yalikuwa na majalada na fomu za Kiingereza za miaka mingi, na karani aliyetakiwa kuandika kwa Kiswahili aliandika aghalabu kwa kuyatazama yale. Kiingereza cha ofisini nacho kina nomino nyingi. Lakini kama tafsiri ingekuwa sababu pekee, karani asiyejua Kiingereza angeandika vingine, naye haandiki vingine.

Iko sababu iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni adabu. Karani aghalabu ni kijana. Anayemwandikia ni nahodha mwenye umri wa baba yake. Kumwandikia "leta chombo, lipa ada" ni utovu wa heshima, na kijana aliyelelewa vyema mkono wake hukataa. Basi hujificha: *uwasilishaji ufanyike*. Nomino imemwepusha kumwamrisha mkubwa wake. Mwalimu akilipuuza jambo hili, akawaambia wanafunzi waandike amri kavu, watamkataa moyoni, na watakuwa na haki.

Lugha yetu ina njia za kuamrisha kwa heshima bila ya kumficha mtu. Kitenzi kinachoishia kwa *-e* kinatosha mara nyingi: *mwenye chombo aje, alete, alipe*. Hii si amri ya uso kwa uso. Iko pia *tunakuombeni mje*, na iko *tafadhalini*. Wanafunzi wapewe sentensi moja, *Leteni vyombo*, na waiandike kwa mzee, kwa rika, na kwa mtoto, bila ya kutumia nomino yoyote ya kitenzi. Zoezi hili huchukua dakika 5 tu na huondoa kisingizio kikubwa.

Nomino zinazostahili kubaki

Mwanafunzi aliyeshika somo hili kwa bidii huanza kuichukia kila nomino yenye *u-*, na hapo lazima azuiwe. *Uvuvi*, *ujenzi*, *ulinzi* na *malipo* ni maneno ya lugha yetu ya zamani na hayakuzaliwa maofisini. Jina la shughuli au la idara halivunjwi: ofisi ya uvuvi ni ofisi ya uvuvi, wala hatusemi ofisi ya watu wavuao. Kichwa cha tangazo chaweza kuwa nomino tupu, "Ukaguzi wa Vyombo", kwa kuwa kazi yake ni kulitaja jambo, na chini yake mambo yatafafanuliwa. Na nomino hufaa sana kulirejelea jambo ambalo kitenzi kimeshalieleza: *Afisa atakagua vyombo tarehe 10. Baada ya ukaguzi huo...* Hapa msomaji anamjua mkaguzi, anazijua siku, na neno *ukaguzi* linabeba yote aliyokwisha kuambiwa. Utaratibu ni kitenzi kwanza, nomino baadaye. Sentensi za ofisi huupindua utaratibu huu: huanza na nomino, na kitenzi chenye mtenda hakifiki kamwe.

Kutendwa nako hubaki pale ambapo mtenda hajulikani au hana maana. *Mashua imeibwa usiku* ni sentensi kamili. Mwandishi angejua aliyeiba asingebandika tangazo. Na katika maneno ya sheria, kama *umiliki* au *udhamini*, nomino ina maana iliyopimwa na wanasheria, na mwanafunzi akiibadilisha huenda akabadilisha haki ya mtu. Hayo aachiwe mwenye kazi yake.

Kwa kufunga vipindi viwili hivi, mwalimu atoe sentensi moja isiyotoka dikoni bali skuli kwenyewe, kwani sisi walimu hatuko mbali na karani yule: *Kufuatia ongezeko la utoro, kutafanyika uimarishaji wa ufuatiliaji wa mahudhurio ya wanafunzi.* Wanafunzi waitengeneze mbele ya mwalimu wao, na wamuulize maswali kama walivyomuuliza karani. Nani ataita majina, na saa ngapi? Mtoto asipofika, nani atakwenda kwao, siku ya kwanza au ya tatu? Akimkuta yuko diko anamsaidia baba yake kushusha samaki, atasema nini? Mwalimu ajibu anayoweza kuyajibu. Yale asiyoweza kuyajibu ayaandike kwenye karatasi ayapeleke katika mkutano wa walimu.